Jina Katika Daftari

Atokaye Kariakoo kwenda baharini kwa miguu hupita Mnazi Mmoja, akakata katikati ya mji, kisha akaifuata Barabara ya Kivukoni mpaka Magogoni, penye kivuko na soko la samaki ambalo watu wote hawaliiti ila Feri. Safari hiyo niliifanya mara nyingi katika majuma 12 niliyokuwa nikihudhuria mafunzo ya jioni ya uandishi wa filamu. Darasa letu lilikuwa chumba cha ghorofani huko Kariakoo, chenye madirisha mawili yaliyotazama vichwa vya wapagazi na marobota ya vitenge. Mimi mchana nilikuwa karani wa duka, na jioni nilikuwa mwanafunzi. Kila mwanafunzi alitakiwa kumaliza mafunzo akiwa na mswada wa filamu ndefu, nami nilikuwa nimekwisha kumchagua mhusika wangu mkuu: mwanamke akaangaye samaki pale Feri, mwenye umri wa miaka 41, aitwaye Mwajabu.

Kazi ya kwanza tuliyopewa ilikuwa kuandika maisha ya nyuma ya mhusika, yaani yote yaliyompata kabla ya ukurasa wa kwanza wa mswada. Mwalimu wetu alitueleza juu ya Lajos Egri, mwandishi mzaliwa wa Hungaria, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1946 alifundisha kwamba mhusika ana pande tatu: mwili wake, mahali pake katika jamii, na hali ya moyo na akili yake. Nikazijaza pande hizo kama mtu ajazaye fomu ya serikali. Nilieleza kimo cha Mwajabu, kovu la mafuta mkononi mwake, shule aliyosoma, mume aliyemwacha, watoto wawili, chakula akipendacho. Nikaandika hata kwamba alipokuwa mdogo alimwogopa mbwa wa jirani. Zilitimia kurasa 14, nami nikazipeleka kwa fahari.

Mwalimu alizisoma zote mbele yangu, bila haraka. Kisha akauliza, "Bwana, katika haya yote, lipi linalomzuia Mwajabu kufanya jambo fulani leo?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekusanya habari za mtu mithili ya karani wa sensa, na habari hizo zilikuwa kweli tupu zisizosukumana. Kama ningemwondoa yule mbwa, hakuna onyesho hata moja ambalo lingebadilika. Hicho ndicho kipimo alichotufundisha, na mpaka leo sijaona kilicho rahisi zaidi: lifute tukio katika maisha ya nyuma, kisha uusome mswada. Ikiwa mhusika bado anatenda yale yale kwa sababu zile zile, tukio hilo halina kazi, hata likiwa la kusikitisha namna gani. Katika kurasa zangu 14, baada ya kufuta namna hiyo, zilibaki sentensi mbili. Moja ilisema kuwa baba yake alikuwa mvuvi, na nyingine ilisema kuwa Mwajabu hakopi wala hakopeshi.

Sentensi hizo sikuzitunga mimi. Nilizipata kwa mama mmoja mtu mzima akaangaye samaki Feri, ambaye sitamtaja jina kwa sababu itakayoonekana mbele. Nilikuwa nikienda kwake alfajiri, wakati minada inapoanza na changu na vibua vimemwagwa sakafuni, na wanadi wanapaza sauti za bei hata mgeni asiambulie neno. Yeye hununua fungu lake, hulipa papo hapo, kisha huenda kwenye karai lake na kuni zake. Mwanzoni nilimwandika Mwajabu kama mtu anayepiga kelele akisikia neno deni. Nilipomsomea yule mama ukurasa huo, alicheka mpaka akaweka upawa chini.

"Mwanangu," akasema, "mwenye kuogopa deni kweli hapigi kelele. Hulipa kabla hajadaiwa."

Kisha akanionyesha kwa kidole mtu wa kuni aliyekuwa akipita. Alikuwa amekwisha kumlipa kuni za kesho. Majirani walimsifu kwa hilo, wakamwita mama mkarimu, mtu wa watu. Maneno hayo yalinifunza jambo ambalo kurasa 14 hazikunifunza. Jeraha la zamani haliji kwenye skrini likiwa jeraha. Aghalabu huja likiwa sifa njema. Mtu aliyepata kudhulumiwa huonekana mwangalifu, aliyeachwa huonekana anayejitegemea, aliyetia aibu huonekana mnyenyekevu. Mtazamaji hupenda sifa hiyo mwanzoni, na ndiyo maana baadaye, inapoanza kuleta madhara, huumia pamoja na mhusika. Mwandishi anayelitangaza jeraha tangu ukurasa wa pili huwa amejinyang'anya nafasi hiyo.

Basi nikaandika upya onyesho la ukurasa wa tatu. Pana msiba sokoni, na daftari la michango linapitishwa. Wengi wanatoa shilingi 5,000, na majina yao yanaandikwa. Mwajabu anatoa shilingi 20,000, lakini anamwambia mshika kalamu, "Usiniandike." Mshika kalamu anastaajabu, wenzake wanamsifu kwa kutopenda kujionyesha, naye anarudi kwenye karai lake. Onyesho zima halizidi nusu ukurasa. Hakuna anayeeleza kitu. Ila mtazamaji makini ameondoka na swali dogo: kwa nini asiandikwe?

Hapo nilidhani nimemaliza kazi ya maisha ya nyuma. Kumbe sikuwa nimeianza. Mwalimu alitutaka tuache ukurasa wa kwanza na tuende wa mwisho. Kila mmoja wetu alitakiwa aandike kitendo kimoja tu ambacho mhusika wake atakifanya mwishoni na ambacho asingeweza kukifanya mwanzoni. Alisema kitendo, hakusema hisia wala maneno. Mwenzangu mmoja aliandika kwamba mhusika wake "anajifunza kupenda," na Mwalimu akamwambia kwamba kamera haitaona hilo. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeandika onyesho la daftari, kitendo changu kilikuwa tayari mkononi: mwishoni Mwajabu anaandika jina lake mwenyewe, kwa mkono wake, katika daftari la deni la mtu mwingine.

Kutoka hapo tulirudi kinyumenyume. Ili kitendo hicho kiwe kigumu, Mwajabu lazima aamini jambo fulani ambalo si kweli kabisa, lakini ambalo limemfaa kwa miaka mingi. Nililiandika hivi: jina lako likikaa kando ya jina la mwingine, mmoja wenu ataangamia. Halafu nikatafuta mahali ambapo imani hiyo itamfaa kwa muda kisha imponze. Mahali hapo nilipaona katika mikopo ya vikundi ya halmashauri, ile ambayo sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 iliitengea asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopaji ni kikundi, wala si mtu mmoja. Akishindwa mmoja kurejesha, mzigo huwaangukia wote. Kwa mtu kama Mwajabu, utaratibu huo ni mtego uliotengenezwa kwa kipimo chake.

Hadithi ikawa hivi. Katika ukurasa wa 12, wakaangaji wanaelezwa kwamba vizimba vipya vitagawiwa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Mwajabu anakitaka kizimba kuliko kitu chochote. Kwa hiyo anaingia katika kikundi kwa hila: anampa jirani yake, Siwema, fedha za kiingilio, na Siwema anaandikwa mahali pa wote wawili. Mkopo unapatikana, karai zinaongezeka, kila kitu kinakwenda vema mpaka katikati ya filamu, ukurasa wa 55, ambapo mtoto wa Siwema anaugua na marejesho ya mwezi yanatumika hospitali. Kikundi kinahangaika. Mwajabu ana fedha. Usiku anakwenda kulipa deni lile kwa siri, bila jina.

Msomaji ataona kwamba hapo angeweza kusema mwanamke huyu amekwisha kubadilika, kwani ametoa mali yake kumwokoa mwenzake. Nami nilisema hivyo darasani. Mwalimu akatikisa kichwa. Akauliza kama tendo lile lilikuwa tofauti na lile la shilingi 20,000 za msibani. Halikuwa tofauti. Lilikuwa lile lile, kwa bei kubwa zaidi. Hilo ni kosa ambalo nimeliona mara nyingi tangu siku ile, katika miswada ya wengine na yangu: mwandishi huongeza ukubwa wa tendo akadhani amembadilisha mtu. Mhusika anaweza kutoka kutoa elfu 20 hadi kutoa milioni mbili na asiwe amepiga hata hatua moja, maana bado anatumia dawa ile ile kwa ugonjwa ule ule. Nusu ya kwanza ya filamu kwa kawaida ni mahali pa mhusika kujaribu kutatua tatizo jipya kwa imani ya zamani, na imani hiyo lazima ifaulu kidogo, la sivyo angeiacha mapema na tusingekuwa na filamu.

Kilichonifaa ni kuuliza siri ile itazaa nini. Wanakikundi wanakuta deni la Siwema limelipwa. Wanajua kuwa Siwema hana fedha. Kwa hiyo wanahitimisha kwamba ameiba, na kwa kuwa sanduku la kikundi lina upungufu mdogo wa zamani ambao hakuna aliyeujali, sasa kila mtu anaukumbuka. Wema wa Mwajabu umemtia mwenzake katika shutuma. Katika ukurasa wa 78 kikundi kinakaa kumfukuza Siwema. Neno moja la Mwajabu lingemwokoa. Mwajabu anainamisha macho, ananyamaza.

Ni onyesho hilo la ukimya lililonirudisha kwenye maisha ya nyuma na kunionyesha kwamba nilikuwa na nusu tu. Mpaka wakati huo nilikuwa nimeandika kwamba mwaka 1997, Mwajabu akiwa na miaka 14, baba yake alichukua mashine ya boti kwa tajiri kwa sharti la kumuuzia yeye peke yake samaki wote, kwa bei atakayoipanga. Sharti la namna hiyo linajulikana sana pwani. Kisha zikaja zile mvua kubwa za El Nino zilizoanza mwishoni mwa mwaka huo, bahari ikachafuka, siku za kwenda kuvua zikapungua, mashine ikachukuliwa. Yote hayo yalikuwa sahihi, lakini yalikuwa ni mambo yaliyompata baba. Mwajabu alikuwa wapi? Alifanya nini? Maisha ya nyuma ambamo mhusika ni mtazamaji tu huzaa mhusika anayetazama tu.

Hapa yanipasa nikiri jambo. Habari za mashine na tajiri nilipewa na yule mama wa Feri. Ni za baba yake. Aliniambia pia kwamba siku mashine ilipochukuliwa, mzee yule alilia ufukoni mbele ya watu. Machozi hayo niliyaandika kama alivyoyasimulia, pamoja na jina la kijiji chao, na nikayasoma darasani. Darasa zima likanyamaza, na mimi nikafurahi. Baada ya kipindi Mwalimu aliniita kando, akaniuliza kama mwenye habari anajua kwamba nimezitumia. Sikuweza kumtazama.

Kesho yake nilivuka soko hadi kwenye karai lake nikamweleza kila kitu. Aliendelea kugeuza samaki kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Deni lichukue. Madeni yamejaa pwani nzima. Kijiji kifute. Na baba yangu usimlize mbele za watu mara ya pili."

Nilirudi Kariakoo nikiwa na shimo katikati ya mswada. Onyesho la kilio lilikuwa na kurasa tano, kuanzia ukurasa wa 5 hadi wa 9, limeandikwa kwa mbinu rejeshi, na bahari, mvua, boti, umati na msichana wa kuigiza utoto wa Mwajabu. Nilipolifuta niligundua kwamba filamu haikupungukiwa na kitu isipokuwa gharama. Nilikuwa nimelipenda kwa sababu liliwanyamazisha wenzangu, wala si kwa sababu liliisukuma hadithi. Mbinu rejeshi ina haki ya kuwapo ikiwa inabadilisha kile ambacho mtazamaji anataka kitokee baadaye. Langu lilieleza tu jambo ambalo mtazamaji alikuwa bado hajaliuliza. Jibu lililotangulia swali halina ladha, na hasa katika filamu, ambamo ukurasa mmoja ni takriban dakika moja ya uhai wa mtazamaji kitini, na mswada mzima hauzidi sana kurasa 100 au 120. Riwaya ina wasaa. Adam Shafi katika Vuta N'kuvute, iliyotoka mwaka 1999, anaweza kukaa na Yasmini kwa kurasa na kurasa, akatueleza ndoa ile ya msichana na mwanamume wa umri wa baba yake inavyombana moyoni. Amil Shivji alipoileta hadithi hiyo kwenye filamu mwaka 2021, kazi ya maelezo yale ilibidi ifanywe na uso, nguo, vyumba na mlango anaoutoka.

Hata hivyo shimo lilibaki: Mwajabu alikuwa wapi? Nilikaa na swali hilo usiku tatu. Usiku wa tatu nilikumbuka jambo ambalo sikuwa nimelisimulia kwa mtu. Baba yangu hakujua kusoma. Nilipokuwa darasa la sita aliletewa karatasi ya kuuza kipande cha shamba, akanipa nimsomee. Nilisoma kwa sauti na kwa haraka, kwa mashauo ya mtoto wa shule mbele ya wageni, nikaruka mstari ambao sikuuelewa. Baba akaweka dole gumba. Mstari ule ndio uliotutoa pale. Hakunilaumu hata siku moja, na pengine hakujua. Kwa hiyo nilikuwa nimekwenda mpaka Magogoni kuazima machozi ya baba wa mwingine, nikiwa na karatasi yangu mwenyewe nyumbani.

Niliandika hivi. Mwaka 1997 tajiri anafungua daftari lake. Baba hajui kusoma. Mwajabu, mwanafunzi hodari, anamsomea masharti, anasema ni mazuri, na kwa kuwa tajiri anataka shahidi, anaandika jina lake kwa mwandiko mzuri wa shule, kando ya dole gumba la baba. Siku mashine inapochukuliwa, majirani waliokuwa wakila samaki wa mzee yule wanasimama wakinyamaza, na Mwajabu ananyamaza pamoja nao. Hakuna anayelia.

Mara tukio hilo lilipokaa mahali pake, kurasa nyingine zilijipanga zenyewe. Shilingi 20,000 zisizo na jina, kiingilio kwa jina la Siwema, malipo ya usiku: yote yakawa ni mtu mmoja anayeikimbia kalamu moja. Na ukimya wa ukurasa wa 78 ukawa ni ukimya ule ule wa ufukoni, ila sasa Mwajabu hana tena udhuru wa utoto. Ndipo nilipoelewa sababu ya Mwalimu kutulazimisha kwenda nyuma kuanzia mwisho. Laiti ningeanza na mwaka 1997 na kushuka nao taratibu, ningetunga msiba wowote; nilipoanza na jina litakaloandikwa mwishoni, msiba ulikuwa mmoja tu uwezao kulifanya jina hilo kuwa zito.

Lilibaki suala la kumwarifu mtazamaji. Rasimu ya kwanza ilikuwa na hotuba: Mwajabu anamsimulia binti yake habari yote, wakiwa wameketi kwenye kivuko. Kila neno lilikuwa la kweli na lote lilikuwa limekufa, kwa sababu kumwambia binti hakumgharimu chochote. Siri hutoka vizuri pale tu ambapo kuitoa ni hasara. Nikaihamishia katika ukurasa wa 91, mbele ya kikundi kizima, baada ya Siwema kwisha kuondoka na karai lake kichwani. Mwajabu anaomba daftari. Mshika kalamu, kwa mazoea, anamwambia, "Najua mama, nisikuandike." Mwajabu anaichukua kalamu. Anasema, "Nimepata kuandika mara moja. Jina langu liko katika daftari lililomla baba yangu." Basi. Maneno machache, kisha mkono unaoandika, na mwandiko ni ule mzuri wa mtoto wa shule, usiolingana na mkono wenye makovu ya mafuta. Hakuna anayempa nasaha kabla ya hapo. Katika rasimu ya pili palikuwa na shehe mwenye busara aliyemweleza jambo la kufanya. Nilimwondoa, kwa kuwa mhusika akigeuka kwa sababu ameshauriwa vema, ushindi ni wa mshauri.

Mafunzo yalipokwisha nilimpelekea yule mama mswada wote, kurasa 103. Ilituchukua asubuhi tano, mimi nikisoma na yeye akikaanga, na wateja wawili watatu wakisimama kusikiliza mpaka samaki wao wakapoa. Nilipofika mwisho alinyamaza kidogo. Nilitazamia aseme neno juu ya baba, au juu ya lile daftari.

"Siku alipoanza kazi," akauliza, "mafuta ya karai la kwanza alilipia, au alikopa? Maana hapa hakuna aliyeanza bila kukopa mafuta."

Nilifunua ukurasa wa tatu nikatafuta kalamu.